Sauti haitoki, miguu haiendi: namna ya kujinasua jinamizi linapokukaba, na kulipunguza lisirudi

Mara ya kwanza nilidhani nimekufa. Nilikuwa nimepanga chumba cha uani Manzese, na usiku nafanya zamu kwenye kiwanda kimoja cha mikate. Siku hiyo nilikuwa nimelala mchana, naota mbwa ananifukuza uchochoroni. Nakimbia, lakini miguu ni kama imezama kwenye unga uliokandwa. Napiga yowe, linaishia kifuani. Mara ndoto ikakatika. Nikaiona feni, nikakiona chandarua, nikamsikia mpangaji mwenzangu anaosha vyombo nje, na bado siwezi kunyanyua hata kidole. Mlangoni pamesimama mtu.

Baadaye mama mwenye nyumba alinikuta nimekaa kibarazani, fulana imelowa.

"Vipi baba, umekabwa?"

"Nimekabwa, mama."

"Jinamizi hilo. Pole. Na usilale chali."

Mama yule hakuwahi kusomea usingizi popote, lakini neno lake la mwisho ni moja ya mambo ambayo watafiti wa usingizi nao wameyaona. Nitalirudia. Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo siku ile vilinijia vimefuatana.

Ulikuwa bado ndotoni, au ulikuwa umeamka?

Jiulize swali moja: ulichokiona kilikuwa chumba chako au mahali pengine? Kama ulikuwa uchochoroni, shuleni, kijijini kwa bibi, na huko ndiko sauti ilikogoma na miguu ikawa mizito, hiyo ilikuwa ndoto mwanzo hadi mwisho. Kama uliona chumba chako mwenyewe, feni ile ile, nguo zile zile zilizotundikwa msumarini, ukasikia sauti za kweli za nje lakini mwili haukutii, basi ulikuwa umeamka akili tu. Waganga wa hospitali huita hali hii kupooza usingizini. Sisi tunasema jinamizi limekukaba.

Kuna jaribio dogo la kuthibitisha baadaye. Ukishajinasua, muulize aliyekuwa karibu kuhusu ulichokisikia. Mimi nilimuuliza mpangaji mwenzangu kama alikuwa anaosha vyombo, akasema ndiyo, na sufuria moja ilimdondoka. Niliisikia ikidondoka. Kwa hiyo masikio yangu yalikuwa macho. Mtu wa mlangoni hakumwona, na mlango alisema ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani.

Hali ya tatu isichanganywe na hizi. Mtoto anayekurupuka saa mbili hivi baada ya kulala, akapiga kelele za kweli nyumba nzima ikaamka, kisha asubuhi hakumbuki chochote, hajakabwa na jinamizi. Huyo anakurupuka kutoka kwenye usingizi mzito, ambako mwili haujafungwa. Mwongozo huu haumhusu.

Kwa nini yowe halitoki

Kila usiku, ukiwa kwenye usingizi wa ndoto, mwili wako unafungwa. Si wewe tu, ni kila mtu. Usingizi huo una alama yake: macho yanacheza haraka chini ya kope. Ulitambuliwa Chicago mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman. Miaka michache baadaye, huko Lyon, Michel Jouvet aligundua kwamba paka akiingia kwenye usingizi huo misuli ya shingo yake inalegea kabisa. Alipoharibu sehemu ndogo kwenye shina la ubongo wa paka, kufuli likaondoka: paka akawa ananyanyuka akiwa usingizini, anarukia kitu kisichokuwepo. Hapo ndipo kazi ya kufuli ilipoonekana. Lisingekuwepo, kila anayeota anapigana angempiga aliyelala naye.

Kufuli lenyewe linafanya kazi hivi. Ubongo unaoota unatoa amri kweli: kimbia, piga kelele. Lakini kutoka kwenye shina la ubongo inashuka amri nyingine inayozizima seli zinazoendesha misuli, hizo zilizoko kwenye uti wa mgongo na zile za uso na koo. Amri ya kukimbia inafika pale, inakuta mlango umefungwa. Miguu haiendi, na hakuna habari yoyote inayorudi juu kusema mguu umekanyaga chini.

Hili ndilo linaloelezewa kuwa chanzo cha ule uzito wa ndotoni: ubongo umeagiza, haujapata jibu, na ndoto inalitafsiri kama matope, au unga, au maji ya kiunoni. Ninalikubali, lakini si maelezo kamili, kwa sababu usiku mwingine kufuli ni lile lile na mtu anaota anakimbia vizuri tu, wengine wanaruka angani. Inaelekea uzito huja zaidi pale usingizi unapokuwa mwepesi na akili imeanza kuuhisi mwili halisi uliolala. Ndiyo maana ndoto ya miguu mizito hufuatwa mara nyingine na kukabwa kwenyewe, kama ilivyokuwa kwangu. Ni kufuli moja. Ndotoni unalihisi ukiwa bado ndani. Kwenye jinamizi, akili imetoka na kufuli limechelewa kufunguka.

Misuli michache haifungwi, na hiyo ndiyo itakayokuokoa. Macho yanabaki huru. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kinaendelea kuvuta pumzi. Bila hivyo tungekufa kila usiku. Misuli ya katikati ya mbavu, hiyo inalegea. Kwa hiyo ukiamka ghafla na kutaka kuvuta pumzi kubwa kwa makusudi, kifua hakipanuki unavyotaka, na unahisi mtu amekukalia. Hewa inaingia ya kukutosha. Kinachokosekana ni uwezo wako wa kuiamuru.

Na mtu wa mlangoni? Ubongo uko nusu ndotoni bado, na sehemu yake inayoshughulika na hatari imewaka. Ndoto inaendelea kuonyeshwa juu ya chumba cha kweli. Kinachoonekana hufuata kile mtu alichokulia nacho. Wajapani wana jina lao, kanashibari, kana kwamba umefungwa kwa chuma. Huku kwetu wengi huona mchawi, au jini. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotoka Pemba ikaenea Unguja na kuvuka hadi Dar, watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, na baadhi ya watafiti waliofuatilia simulizi zile waliona zinafanana mno na jinamizi: usiku, kitandani, uzito kifuani, sauti haitoki. Sidai kwamba hilo linaeleza kila kitu cha mwaka ule. Ila hofu ya aina hiyo humnyima mtu usingizi, na kukosa usingizi kunaita jinamizi lingine.

Dakika yenyewe: la kufanya ukiwa umekabwa

Kawaida hali hii hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, ingawa ukiwa ndani utaapa ni nusu saa. Inaisha yenyewe hata usipofanya kitu. Unachoweza kubadilisha ni kiasi cha hofu, na pengine urefu wake kidogo.

Anza kwa kuitaja kimoyomoyo: hii ndiyo ile. Kisha acha kupiga kelele. Najua ni jambo la mwisho ambalo mtu angependa kusikia, lakini yowe linahitaji koo na misuli ya mbavu, yaani vile vile vilivyofungwa. Ukilazimisha, unapata mguno mdogo au hupati kitu, na ule ukimya unakutisha zaidi. Vivyo hivyo usijaribu kukurupuka mzima. Miguu, mgongo na mikono ndiyo iliyofungwa barabara.

Iachie pumzi iende yenyewe, fupi fupi kama ilivyo. Usivute kwa nguvu. Ukiacha kuvuta, ule uzito wa kifuani hupungua, kwa sababu sehemu yake ilikuwa ni kushindana kwako na mbavu zilizolegea.

Halafu tumia macho. Yapeleke kushoto, kulia, kushoto, kulia, au yafumbe kama kope zinatii. Usimtazame aliyesimama mlangoni na usijaribu kumtambua. Ukimkazia macho anaongezeka sura. Mimi nilijizoesha kutafuta pangaboi la feni na kulihesabu linavyopita.

Baada ya hapo nenda kwenye kitu kidogo kabisa: kidole gumba cha mguu, ncha ya kidole cha mkono, au ulimi ukisukuma meno ya mbele. Kimoja tu. Usirukeruke. Wengi husema kidole kikishacheza mara moja, mwili wote unafunguka kwa mkupuo. Si kanuni ya lazima. Mwenzangu wa kazini alisema kwake ulimi ndio unaoanza, kidole hakijawahi kumsaidia.

Watu wengi hapa mjini wana njia nyingine, nayo ni kusoma dua. Huyu Ayatul Kursi, yule Zaburi au jina la Yesu. Nimewasikia wanaosema ilifanya kazi na wanaosema ilishindikana, na tofauti niliyoiona iko kwenye namna ya kusoma. Anayejaribu kuitamka kwa sauti anagonga kwenye kufuli lile lile la koo, kisha anaogopa kwamba hata dua imezuiwa. Anayeisoma moyoni, taratibu, neno kwa neno, anatulia. Mtafiti Baland Jalal amependekeza tiba ya hatua nne kwa watu wanaokabwa mara kwa mara: jikumbushe kwamba si hatari, jitenge na hofu, elekeza akili yote ndani kwenye kitu kimoja kinachokutuliza, dua ikiwemo, na ulegeze mwili badala ya kupambana nao. Imejaribiwa kwa kundi dogo tu la wagonjwa na matokeo yalitia moyo. Bibi zetu walikuwa na hatua ya tatu tayari.

Ukishafunguka, usigeuke ukalala tena hapo hapo. Hili ndilo kosa nililolifanya mara nyingi kuliko yote, na nikikabwa tena ndani ya dakika mbili. Kaa kitako, teremsha miguu iguse sakafu, nawa uso, kunywa maji. Dakika kumi zinatosha. Kisha lala kwa ubavu.

Na kama uko ndani ya ndoto, mbwa bado yuko nyuma na sauti imegoma? Ukiweza kukumbuka, ule uzito wa miguu ni alama kwamba unaota, na macho ndiyo chombo ulichobakiwa nacho. Hii si porojo. Mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, Keith Hearne alimrekodi mtu aliyekuwa anaota huku akijua kwamba anaota, naye akatoa ishara waliyokubaliana kwa kupeleka macho kushoto na kulia, mikono imelala kimya. Fanya hivyo hivyo: peleka macho huku na huku kwa nguvu, au pepesa haraka. Mara nyingine inakuamsha, mara nyingine inaibadilisha ndoto tu.

Daftari la wiki mbili

Kujinasua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua linakuja lini, na hapo kumbukumbu ya kichwa haifai, kwa sababu utakumbuka yale makali tu. Chukua daftari. Kila siku andika ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, kama uliamka katikati ukarudi kulala, uliamka umelalaje, na kama ulikabwa. Mistari miwili inatosha.

Ukurasa wangu ulikuwa hivi. Zamu inaisha saa 12 asubuhi, nafika chumbani saa 1 na nusu, nalala saa 2. Saa 5 fundi cherehani wa jirani anafungulia redio, au umeme unakatika, feni inasimama na joto la Februari linanitoa kitandani. Nakaa nje, nakunywa chai, napiga soga karibu saa nzima. Saa 6 mchana narudi kulala, chali, kwa sababu nimechoka kiasi kwamba nalala nilivyoangukia. Katika siku 14 nilikabwa mara nne. Zote nne zilikuwa kwenye usingizi ule wa kurudia, na tatu nilikuwa chali. Usingizi wa kwanza wa asubuhi haukuwa na hata moja.

Sikujua wakati ule kwamba watafiti wa Kijapani walikuwa wamechapisha jambo hilo hilo mwaka 1992. Waliwaamsha watu usingizini, wakawaweka macho kama saa moja, kisha wakawaacha warudi kulala, na baadhi yao wakapooza usingizini pale maabara. Kwa kawaida usingizi wa ndoto huja kama dakika 90 baada ya kulala. Ukiukatiza usingizi ukaurudia, ndoto yaweza kuanza mara moja, kabla akili haijazimika. Kufuli linafungwa na wewe bado uko macho.

Dar tuna nafasi nyingi za kuingia kwenye mtego huo. Mtu anaamka kwa swala ya alfajiri, anakaa, anarudi kulala saa 12. Mwezi wa Ramadhani anaamka daku. Mlinzi analala vipande vipande. Mwanafunzi anakesha na mitihani halafu analala mchana bwenini. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2011 uliojumlisha tafiti 35 ulikuta takriban watu 8 kati ya 100 wamewahi kukabwa, lakini kwa wanafunzi ni 28 kati ya 100.

Nilibadilisha mambo mawili tu. Kwanza niliamua kwamba nikishatoka kitandani nikakaa zaidi ya nusu saa, sirudi kulala usingizi mrefu. Nikizidiwa, najilaza dakika 20 na alamu ya simu, nimelala kwa ubavu. Ili usingizi wa kwanza usikatike nilinunua feni ndogo ya kuchaji na nikamwomba fundi apunguze redio, akakubali kwa masharti nimletee mkate. Pili, nilishughulikia kulala chali. Kujiambia tu hakusaidii, maana usingizini hujui umelalaje. Nilikunja soksi mbili zikawa donge kama ndimu kubwa, nikalifungia kwenye kanga ya zamani, nikajifunga kifuani donge likiwa mgongoni. Ukigeuka chali linakusumbua, unarudi ubavuni bila hata kuamka. Usiku wa kwanza fundo lilikuwa mbele kwenye mbavu likaniumiza. Fundo liwe begani.

Wiki mbili zilizofuata nilikabwa mara moja, baada ya harusi ya binamu ambako nililala alfajiri nikiwa nimekunywa. Pombe huukandamiza usingizi wa ndoto mwanzoni, kisha karibu na kuamka unarudi kwa kishindo. Wiki nne za mtu mmoja hazithibitishi kitu kwa wengine, na daftari lako laweza kukuonyesha sababu tofauti: msiba, deni, wiki ya mitihani.

Aliyelala karibu nawe

Mwambie mapema. Akikusikia unaguna kwa sauti ya puani na unapumua haraka, akuguse bega na kukuita jina. Mguso wa mtu mara nyingi unalifungua kufuli pale pale. Asikutikise kwa nguvu wala asikumwagie maji. Na asikuulize umeota nini kabla hujakaa kitako.

Kuna wa kuepuka pia: yeyote atakayekutajia jirani au shangazi kwamba ndiye anayekukalia usiku. Utalipa, utagombana na ndugu, na jinamizi litarudi Jumapili.

Lini uende hospitali

Kukabwa mara moja moja, bila kingine, si ugonjwa. Nenda ukianza kuogopa kulala, au ukikabwa mara kadhaa kwa wiki hata baada ya kurekebisha ratiba. Nenda mapema zaidi kama mchana unasinzia bila kujizuia hata umesimama kwenye daladala, au magoti yanalegea ghafla ukicheka. Dalili hizo mbili pamoja na kukabwa zinaelekeza kwenye ugonjwa wa usingizi uitwao nakolepsi, na una dawa. Ukikoroma sana na kuamka unatweta, koo huenda linaziba usingizini. Ukiamka umejing'ata ulimi au umejikojolea, hilo si jinamizi, daktari atataka kuangalia kifafa.

Na kama tatizo ni kinyume chake, yaani mtu mzima anapiga kelele kweli, anarusha ngumi na kuanguka kitandani huku anaota, basi kufuli lake halifungi. Hasa akiwa mzee, asipuuzwe, kwa sababu hali hiyo yaweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka kadhaa. Kwa sasa toeni meza na vyombo vya kioo karibu na kitanda chake.

Anza na hospitali iliyo karibu nawe, ukipewa rufaa Muhimbili kuna madaktari wa mishipa ya fahamu na wa afya ya akili. Usiseme tu "nakabwa usiku", maana utaulizwa maswali ya presha na kurudishwa nyumbani. Sema: "Naamka naona chumba, nasikia, lakini mwili hausogei kwa dakika moja, mara tatu kwa wiki, hasa nikirudia usingizi." Kisha mpe daftari. Kama aliyelala karibu nawe amewahi kukurekodi kwa simu unavyokoroma au unavyoguna, nenda na hiyo simu ikiwa na chaji.